Kikombe cha Mama Mkwe

Mfuniko wa sufuria ulianza kugongagonga kabla ya adhana ya alfajiri. Chumbani, Zuena akajishika tumbo. Maziwa yalikuwa yanachemka.

Mama mkwe wake, Bi Mwanahawa, alikuwa na mapenzi ya kulazimisha. Tangu mimba ya Zuena ionekane, aliamka gizani kumpikia chai ya maziwa yenye tangawizi, akampelekea kwa mkono wake, akasimama mlangoni hadi kikombe kiishe.

"Kunywa, mwanangu. Mifupa ya mtoto haijengwi kwa maji."

Zuena akanywa. Jua halijapanda, tumbo likamjaa upepo, likanguruma, akawa mtu wa kukimbilia chooni, majirani wanamtazama. Nesi wa kliniki alikwishamwambia aache maziwa, ale vingine vyenye kalsiamu. Lakini atamwambiaje Mama? Mke wa kwanza wa mumewe, Kheri, alikikataa kikombe katika nyumba hiyo, akaulizwa na Mama, "Unadhani nimekutilia nini?" Baada ya neno lile, mwaka haukuisha akarudi kwao. Kheri mwenyewe alipoelezwa alisema, "Vumilia, utajifungua." Zuena akavumilia, huku mwili unakwisha.

Ndipo bibi yake, Mwanabibi, akaja kutoka Ruaruke kumjulia hali, akalala hapo. Alfajiri kikombe kilipoletwa, akamwona mjukuu anavyokitazama, kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi.

"Lete huku, mke mwenzangu," akamtania Zuena. "Kila siku wewe tu?"

Akakinywa chote. "Tamu!" akamwambia Bi Mwanahawa. "Mkono wako una baraka, mwenzangu."

Bi Mwanahawa akacheka, akatoka kufagia uwanja, kisha akakaa kuchagua mchele. Mara bibi akampita mbio na kopo la maji. Akarudi. Akapita tena.

"Kulikoni, mwenzangu?"

"Chai haina kosa," bibi akasema akihema. "Matumbo ya kwetu ndiyo hayapatani na maziwa. Mama yangu hivyo, mimi hivyo. Na huyu hivyo hivyo, ila anakuheshimu mno."

Ungo ukatua chini. "Zuena! Mbona hukusema?"

Zuena alilia tu. Bibi akamfuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Sasa mtoto atajengwa na nini?" Bi Mwanahawa akauliza, sauti imeshuka.

"Nesi alisema dagaa, Mama, waliwe na mifupa yao. Uji wa ulezi. Majani ya kunde. Na ufuta, utwangwe na maganda yake. Vidonge vya kliniki nisiviache."

"Ufuta? Si tumejaza gunia zima ndani!"

Mchana wakala ugali, dagaa wa kukaanga na majani ya kunde yaliyoungwa kwa ufuta, na chai ikawa ya rangi. Zuena alimaliza sahani, akabaki ameketi mkekani, hakuna kilichomkimbiza. Mama akasimama mbele yake. "Ongeza!" Akaongeza.

Jioni bodaboda ilipokuja, Bi Mwanahawa ndiye aliyeushika mkono wa bibi, hauachi.

"Rudi, mwenzangu, tafadhali. Nikikosea, huyu hataniambia. Njoo tena."