Shilingi Kumi na Mbili

Akiba haiozi, na Kitheka alipenda kuwakumbusha hivyo wenzake wa chama cha mazishi cha Wakamba wa Thika na Ruiru. Yeye ndiye aliyekuwa mweka hazina. Chama kilikuwa na kazi moja tu: mwanachama akifa, lori limfikishe kwao Kitui.

Mwezi wa Januari 1957 aliweka shilingi elfu moja na mia mbili kwenye benki ya Thika, mafungu matatu ya mia nne: la miezi mitatu kwa riba ya asilimia mbili kwa mwaka, la mwaka mmoja kwa tatu, na la miaka miwili kwa nne. Nane, kumi na mbili na kumi na sita: jumla thelathini na sita kwa mwaka, yaani asilimia tatu kwa fedha zote. Fungu fupi lilikuwa la msiba. Kila likiiva wangelitazama, wakiona ugonjwa wangelitoa, la sivyo wangelirudisha kwa miezi mitatu mingine.

Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Lilipoiva Julai, Kitheka alilifunga miaka miwili, apate nne badala ya mbili. Sasa jumla ilikuwa arobaini na nne, asilimia tatu na theluthi mbili. Alifurahi kama mtoto, naye Syombua, mwanachama na mchuma kahawa wa Ruiru, alikuwa tayari anakohoa.

Syombua alifariki katikati ya Oktoba. Lile fungu fupi lingekuwa limeiva wiki mbili nyuma, na ugonjwa wake ulikuwa haufichiki. Sasa la karibu kabisa lilikuwa la Januari. Hospitali ilisema maiti ichukuliwe kesho yake kabla ya jioni, au izikwe na manispaa.

Kesho yake asubuhi Yahya, karani wa benki, alimwambia Kitheka kwamba meneja amekubali kulivunja fungu la mwaka mmoja. Angepewa mia nne zake, ila riba yote ingepotea.

"Kumi na mbili?" Kitheka aliuliza.

"Kumi na mbili, mzee. Amua kabla hatujafunga saa saba."

Hakuamua. Alikwenda Ruiru kumsihi mwenye lori akubali kulipwa Januari. Mwenye lori alikataa, na Kitheka alipopata njia ya kurudi, benki ilikuwa imefungwa. Jioni manispaa ilimzika Syombua pembezoni mwa mji, mbali na kaburi la mumewe huko Kitui. Akiba haiozi, ndiyo. Maiti huoza.

Januari, kwenye mkutano wa mwaka, Kitheka aliweka mezani shilingi mia nne na kumi na mbili. Alisoma hesabu yote, na ilikuwa sahihi hadi senti ya mwisho. Magdalene, dada wa marehemu, alisimama akamwomba azitenge zile za riba.

Alizihesabu moja moja mbele yake.

"Basi ndizo hizi," Magdalene alisema. "Nilitaka nizione tu."

Akatoka bila kuzigusa. Wanachama nao walimfuata mmoja mmoja, na Kitheka akabaki mezani na sarafu kumi na mbili ambazo hakuthubutu kuzirudisha mkobani.