Jibu la Daktari Bruseth

Barua pepe zilikuwa arobaini na saba, na zote zilimhusu mtu mmoja: Oddvar Kvamme, umri miaka sabini na tatu, fundi mstaafu wa mitambo ya feri. Moyoni alikuwa na valvu ya chuma, kwenye utumbo mpana alikuwa na uvimbe unaovuja damu, na figo zake zilikuwa zimeanza kuchoka. Upasuaji ulipangwa Jumatatu.

Kazi ya Sunniva Myklebust, mratibu wa wagonjwa wenye matatizo mengi, ilikuwa kuzikusanya barua hizo zote katika ukurasa mmoja. Madaktari walibishana, wakakatizana, wakachokozana. Mmoja aliandika, "Nimeshaeleza hili mara tatu, sijui kama kuna anayesoma." Sunniva aliliacha lile la kusoma na kutosoma, akabakisha hoja. Ukurasa wake haukuwa na mshindi wala aliyeshindwa. Ulikuwa na hali ya mgonjwa, maoni na majina ya wenye maoni, na mwishoni maamuzi.

Ijumaa hiyo aliumaliza mapema. Saa tatu na nusu asubuhi aliutuma kwa wauguzi wa nyumbani, kule bondeni anakoishi Kvamme. Sasa ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana, na ukumbini harufu ya waffle, vikeki vya chuma vya kila Ijumaa, ilikuwa imeanza kutapakaa.

"Dada, njoo ule kabla Trygve wa mapokezi hajamaliza jamu," jirani yake wa mezani alimwita.

"Nakuja. Naweka kitu kimoja tu kwenye faili."

Kabla ya kuweka muhtasari kwenye faili, Sunniva alikuwa na desturi yake. Hakufundishwa na mtu, alijiwekea mwenyewe miaka mingi iliyopita. Kila uamuzi aliuandikia pembeni nani kauamua, lini, na alikuwa anajibu barua ipi. Asubuhi, kwa haraka ya kuwawahi wauguzi, aliandika mawili ya kwanza. La tatu aliliruka.

Uamuzi wa nne ulisema hivi: *Vidonge vya kuzuia damu kuganda vimesimamishwa tangu Jumatano. Badala yake, sindano nyumbani, dozi kamili, mara mbili kwa siku, kuanzia Ijumaa saa nane mchana. Daktari Bruseth, Alhamisi.*

Aliifungua barua ya Bruseth. Bruseth ndiye mkuu wa wodi ya moyo, na barua yake ndiyo iliyokuwa juu kabisa, ya mwisho kufika. "Sawa. Sindano nyumbani kama kawaida, dozi kamili. B." Daktari Rønning, mpasuaji, alikuwa ameibandikia alama ya kidole gumba. Sunniva aliposoma hayo asubuhi aliona mjadala umefungwa.

Sasa alishuka chini ya ile barua, kwenye maneno ya kijivu ya barua iliyojibiwa, yaliyoning'inia chini yake.

Ilikuwa barua ya Jumatatu. Rønning alikuwa ameuliza kuhusu sindano, akataja kipimo cha figo: arobaini na nne.

Sunniva alizirudia barua za katikati ya wiki. Jumatano, Daktari Lien wa figo alikuwa ameandika kwamba kipimo kimeanguka hadi kumi na tisa. Kwa figo za namna hiyo dawa ya sindano haitoki mwilini, inarundikana. Mtu mwenye uvimbe unaovuja anaweza kutokwa na damu nyingi nyumbani kwake bila mtu wa kumsaidia. Lien aliomba mgonjwa alazwe, apewe dripu ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, inayoweza kuzimwa wakati wowote. Asubuhi Sunniva aliiweka barua hiyo chini ya "maoni", kama jambo lililokwisha kusikilizwa na kuamuliwa vingine.

Halikuwa limesikilizwa. Bruseth alikuwa amejibu Alhamisi barua ya Jumatatu.

Au pengine alikuwa amesoma zote. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Akiizuia sindano kwa kichwa chake na Bruseth akawa alijua alichofanya, damu ya Kvamme ingebaki bila kinga, ingeganda kwenye valvu, na kipande kingekimbilia ubongo. Asipoizuia, ilikuwa hiyo damu ya tumboni. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi na nane.

Alipiga simu chumba cha kutibu mishipa ya moyo, alikokuwa Bruseth. Muuguzi alimshikia Bruseth simu sikioni.

"Nina mtu mezani, Sunniva. Sema haraka."

"Ni Kvamme, daktari. Barua yako ya jana kuhusu sindano."

"Si nimeshajibu? Wewe kazi yako kufupisha, si kutibu."

"Ndiyo, daktari." Aliifungua barua ya Lien. "Ndiyo maana nauliza. Ulipojibu, ulikuwa unaijibu ya Jumatatu, au ulishaiona ya Lien ya Jumatano?"

Mashine zililia pole pole upande wa pili.

"Lien kaandika nini?"

"Figo kumi na tisa."

"Kumi na tisa?" Sauti ilishuka. "Nilijibu kwenye simu, uwanja wa ndege. Niliiona hiyo moja tu. Amepewa tayari?"

"Bado, ni saa nane."

"Zuia. Asichomwe. Alazwe leo hii, dripu, na Lien anipigie nikitoka hapa."

"Naomba nirudie: sindano imesitishwa, alazwe leo, dripu ya heparini wodini. Uamuzi wako, leo, saa saba na dakika ishirini na mbili."

"Hivyo hivyo. Haya, kimbia."

Ofisi ya wauguzi wa nyumbani ilimjibu kwamba Gro, muuguzi wa zamu, alikuwa njiani na simu yake haishiki. Kule barabara inapita mahandaki matatu mfululizo chini ya milima. "Lakini leo alitoka mapema," waliongeza. "Anataka kumaliza kabla barabara haijaganda barafu."

Sunniva alipiga nyumbani kwa Kvamme. Simu iliita mara nne, mara tano, mara sita. Kichwani aliiona meza ya jikoni ambayo hajawahi kuiona, na tumbo la mzee limefunuliwa. Mara nane.

"Kvamme hapa."

"Oddvar, ni Sunniva wa hospitali. Muuguzi ameshafika?"

"Huyu hapa, ananipaka spiriti tumboni. Mikono yake barafu tupu, mwambie avae glavu za sufu."

"Umeshachomwa?"

"Bado, we unaniharakisha? Sindano kaishika mkononi."

"Mwambie aiweke chini. Sasa hivi. Nipe yeye."

Kitu kigumu kiligusa meza. Kisha ikaja sauti ya Gro, tulivu, na Sunniva alimweleza, akamfanya arudie kila neno. Gro alirudia.

"Nilikuwa nimeshatoa kifuniko," alisema. "Kawaida napiga simu kuuliza, ninyi wa mjini mnaandika mambo yasiyoeleweka. Huu muhtasari wako ulikuwa safi kabisa. Sikuona cha kuuliza."

Gari la wagonjwa liliagizwa. Sunniva alirudi kwenye ukurasa wake, akaibadilisha namba nne. Chini yake aliongeza, kwa sauti ile ile aliyowaandikia wengine: *Muhtasari uliotumwa leo saa tatu na nusu ulionyesha uamuzi ambao ulikuwa haujafikiwa. Jibu la Alhamisi lilihusu barua ya Jumatatu. Kosa la muhtasari ni la mratibu, S. Myklebust. Mgonjwa hakuchomwa.*

Aliusoma tena. Kisha akafungua muhtasari wa wiki iliyopita, wa mgonjwa mwingine ambaye tayari alikuwa amerudi kwao, akaanza na uamuzi wa kwanza: nani, lini, alikuwa anajibu barua ipi.