Kambare Walipotolewa Bwawani

Mwaka wa 1965, Bonareri alikuwa na umri wa miaka kumi, na hakuna alichokipenda kuliko bwawa la samaki la baba yake. Baba huyo, Mzee Kerosi, alikuwa amehama kutoka Kisii akaja kulima karibu na Mto Migori. Chini ya shamba la mahindi alichimba bwawa kwa jembe na karai, akafuga ngege, samaki ambao wengine huwaita perege.

Kila asubuhi Bonareri alichuchumaa ukingoni kabla ya kwenda shule. Alipenda hasa kuwaona mama ngege wakivifungulia mdomo vifaranga vyao, maana ngege huwaficha watoto wake mdomoni mpaka wapate nguvu ya kuogelea. Basi siku moja, vifaranga vilipokuwa vinacheza kwenye maji ya kina kifupi, samaki mrefu mwenye masharubu alipita kama kivuli, akafungua kinywa, na nusu yao wakawa hawapo.

Bonareri alikimbia nyumbani akilia. Mzee Kerosi alijua ni kambare, walioingia na maji ya mfereji wakati wa mvua. Familia yake ilikuwa ya Waadventista. Samaki asiye na magamba hawakumla. Kwa hiyo alipoombwa na binti yake awatoe, hakuona sababu ya kukataa. Walipunguza maji, wakamwita jirani yao Walter, Mjaluo na Mkatoliki, ambaye kambare kwake ni kitoweo cha heshima. Aliwanasa wote wanne kwa tenga, akaenda zake akipiga mluzi.

Mwezi wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa furaha tupu. Vifaranga vilijaa kila pembe. Bonareri alijaribu kuvihesabu, akashindwa, akajiona amewaokoa wote.

Lakini miezi ilipita, na ngege hawakukua. Waliokuwa wa urefu wa kidole walibaki hivyo hivyo, vichwa vikubwa na miili myembamba. Utelezi wa kijani kwenye mawe uligugunwa mpaka mawe yakabaki meupe. Vijidudu vilivyokuwa vikirukaruka majini vilitoweka. Viluwiluwi, ambao nao hula utelezi ule, wakawa wachache, na jioni vyura waliosikika ni wawili watatu tu. Mama alikaanga samaki kumi na wawili, na bado watu wakaomba mboga.

Mzee Kerosi alimwita afisa wa uvuvi, Bwana Nashon, ambaye watu wote walimwita Bwana Samaki. Alifika kwa baiskeli, akatupa wavu mdogo, akapasua ngege mmoja juu ya jani la mgomba. Tumboni mlikuwa na tope tu. Pembeni mlikuwa na mayai.

Alimwonyesha Bonareri kwamba samaki yule, mdogo namna ile, tayari alikuwa mama. Kisha akauliza kama bwawa lilikuwa na samaki anayewala wengine.

Bonareri alitazama miguu yake. Angeweza kunyamaza.

"Walikuwepo kambare," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba Baba awatoe. Walikuwa wanakula watoto."

"Waliwala, ni kweli," Bwana Nashon akamjibu kwa upole. "Na wale waliobaki wakapata cha kula. Sasa watoto wote wanabaki, wanazaa na wao, na chakula ni kile kile."

Bonareri alitazama mawe meupe, akaelewa kwa nini vyura walinyamaza.

"Lakini kambare sisi hatuwali," Mzee Kerosi alisema.

"Hakuna anayekulazimisha, Mzee. Mwache tu afanye kazi yake humo ndani."

Walter aliposikia alicheka mpaka akashika mbavu. Alisema wale wa kwanza hawezi kuwarudisha, ila angetega kinamasini. Bwana Nashon alitaka kambare wadogo, wasioweza kuwameza ngege wakubwa. Siku ya tatu Walter alileta watano ndani ya debe la maji. Kabla ya kuwamwaga, familia nzima iliingia bwawani na kuvuta wavu, ikatoa ndoo nne za ngege wadogo. Walter alipewa moja, wengine walikaushwa, na kuku walikula mpaka wakachoka.

Bonareri ndiye aliyemimina debe. Kambare walizama topeni bila kuaga. Moyo ulimuuma kidogo kwa ajili ya vifaranga, lakini hakugeuza uso.

Baada ya miezi mitano, utelezi ulikuwa umerudi kwenye mawe, na kereng'ende walitua juu ya matete. Vyura walipiga kelele hata Mama akalalamika. Siku ya kuvua, ngege wa kwanza alikuwa mpana kuliko kiganja cha Mzee Kerosi. Jioni hiyo ya Ijumaa Mama alipika sita tu, wakatosha watu wote, na watoto waligombania kichwa cha yule mkubwa. Bonareri alikipata.