Maneno Baada ya Wimbo

Maktaba ya nyimbo ya redio moja ya Iringa ilikuwa imejaa pomoni mpaka Apolonia, mtunzaji wake, alipoitia fagio. Wimbo mmoja ungeukuta mara tano, kila nakala na jina lake. Kutafuta pacha kwa majina ilikuwa kujisumbua, na kwa ukubwa wa faili ndiyo kabisa. Basi akapata programu inayosikiliza sauti yenyewe, inayoitolea kila rekodi alama yake, kama alama ya kidole, na kuzilinganisha. Iwe MP3 au WAV, iwe na kbps nyingi, yaani sauti safi, au chache, rekodi ile ile haijifichi. Akaiamuru: penye pacha, bakiza yenye kbps nyingi, nyingine futa kabisa. Urefu usiujali, maana watangazaji wetu kwa kukata nyimbo hawajambo. Bosi akampongeza mbele ya watu.

Wiki iliyofuata akaja mama Esnath kutoka Ipogolo.

"Kamwene, mwanangu. Nataka ule wimbo wa kwaya yetu, ule wanaosema ni wa marehemu mume wangu. Mwishoni anaongea."

"Wimbo wa Mwalimu Tadeo?"

"Ndivyo wanavyouita. Nimeutunga mimi! Siku ya kurekodi marehemu alisema hivyo mwenyewe, wimbo ulipoisha. Wanakwaya wananiambia naota, na Jumapili wanauzindua upya kwa jina lake."

Apolonia akaucheza. Sauti safi, wimbo ukaisha, kimya. Mama Esnath akaendelea kusubiri, mikono mapajani.

Apolonia akafungua mipangilio ya programu. Kumbe ilikuwa ikilinganisha dakika mbili za mwanzo tu! Mtangazaji fulani aliwahi kuyakata maneno ya mwisho, akauhifadhi upya kwa kbps nyingi. Nakala nzima, ya kbps chache, ndiyo iliyofutwa, na nafasi yake kwenye diski imeshajazwa matangazo, hairejesheki tena.

"Mama, nimeifuta," alisema. "Nimeifuta mimi."

Mama Esnath hakufoka. Alijishika kifua tu, na hilo likamuumiza Apolonia kuliko matusi.

Akampigia Gwakisa, mwenzake wa redio moja ya Mbeya, aliyezoea kubadilishana naye nyimbo. "Usitafute kwa jina. Nakutumia hii iliyokatwa, itolee alama, uilinganishe na maktaba yako yote. Ukipata pacha, niangalizie iliyo ndefu."

"We dada, faili zangu ni kibao, jamani!"

"Gwakisa, nakuomba!"

Walisubiri mpaka chai ikapoa. Hatimaye simu ikalia: kulikuwa na faili isiyo na jina wala kwaya, kbps chache, ndefu kuliko ile iliyokatwa. Ilipofika, Apolonia akaicheza. Wimbo ukakwaruza hadi mwisho. Mtu akakohoa. Kisha sauti ya mwanamume:

"Wimbo huu ametunga Esnath, mke wangu. Mimi nimefundisha tu."

Apolonia alipiga ukelele. Mama Esnath aliisogelea spika.

"Weka tena, mwanangu," alinong'ona. "Walishanifanya na mimi niamini kwamba niliota."