Nusu ya Picha ya Wabwile

Mimi si mtu wa kulia. Mimi ni mtu wa kupiga. Krismasi ya 1992, nikiandaa kona ya kumkumbuka mume wangu kwa nyumba ya kukodi pale mtaa wa Tuwan, nilikuwa na hasira ya miezi minane.

Wabwile aliuawa Aprili, wakati wa vita vya mashamba. Usiku ule jirani yetu Kipketer, wa kabila la hao waliotushambulia, aligonga mlango, akaita, "Wabwile, toka haraka, twende!" Mume wangu akamfuata. Mimi nikatoroka na watoto kupitia kwa migomba, nyumba ikiwaka nyuma yetu. Kesho yake maiti ya Wabwile ilipatikana kwa boma ya Kipketer, kichwa kimepasuliwa na panga. Sasa niambie, wewe ungefikiria nini?

Tulimzika kwao Myanga. Ni mama mkwe, Dinah, aliyenipa picha kubwa pekee iliyobaki, kwa sababu zetu zote ziliungua. Waithaka wa studio ya picha alikuwa ameipiga miaka mitatu nyuma, na negativu ya kutoa nakala ingine alikuwa ameshatupa. Ilikuwa Wabwile na Kipketer, wameshikana mabega, wanacheka.

"Krismasi ya kwanza usimwache nje," Dinah aliniambia. "Mwekee pahali pake na taa. Moja tu, watoto wajue ni ya nani."

Lenah wangu, wa miaka minne, alikuwa ameanza kuniuliza kama baba alikuwa na ndevu. Hiyo iliniuma kuliko kifo chenyewe. Nilitaka awe na uso wa kushika. Lakini eti uso wa muuaji ukae hapo kando, ukicheka kwa nyumba yangu? Ng'o! Nilimkata Kipketer kutoka kichwani mpaka kiatuni, nikamtupa kwa jiko, nikasimama pale mpaka akawa majivu.

Basi siku yenyewe tukatoka kanisani, nikaanza kazi. Meza ndogo niliisukuma kwa pembe, mbali na pazia, maana moto nishauona wa kutosha. Nikatandika kitambaa cheupe cha kufuma. Picha kubwa nikaiegemeza ukutani, nikainamisha fremu kidogo mbele ili kioo kisirudishe mwanga kwa macho ya watu. Mkono wa Kipketer ulibaki kwa bega la Wabwile. Ningeukata ningekata bega. Nikauziba na picha ndogo ya kitambulisho iliyotoka mfukoni mwake, uso umefutika. Baluni na makaratasi ya Krismasi nikayahamisha ukuta wa pili. Taa ya mafuta ya chemni nikaisugua kioo na gazeti, nikakata utambi ukawa sawa usitoe moshi, nikaiweka kushoto, shubiri moja kutoka kwa fremu, joto lisikunje picha. Nikafunga mapazia mchana kweupe. Nikawasha.

"Baba hana ndevu," Lenah akasema. Akacheka. Mungu wangu, nilifurahi!

Hapo ndipo mlango ukagongwa. Nilifungua nikaona Chepkemei, bibi ya Kipketer, na mtoto mgongoni.

"Nasimiyu, dada yangu..."

Sikumngoja amalize. Nilichukua mwiko wa ugali nikampiga nao usoni, mara mbili. Damu ikatoka puani. Nikamshika nywele, nikamgonga kwa fremu ya mlango. "Dada yako nani? Mlimwita mkamchinja!" Watoto walikuwa wanapiga mayowe. Mtoto wake pia. Yeye hakurudisha hata kofi moja, aliinamisha kichwa tu akimkinga mtoto, na hiyo ndiyo ilinifanya nisimame.

"Kipketer alimwita amfiche kwa stoo ya mahindi," alisema, akipangusa damu na leso. "Wale wavamizi walikuja wakasema amtoe. Akakataa, akasimama kwa mlango. Walianza na yeye, Nasimiyu. Nilimzika na mikono yangu usiku ule ule, nikakimbilia mlimani kwetu, nikiwa na mimba ya huyu."

Mwiko ulianguka. Sikumbuki kuuachilia.

"Nyumba yangu pia ilichomwa. Sina picha hata moja," alisema. "Waithaka ameniambia kuna moja kwako. Sitaichukua. Nataka tu huyu mtoto amwone baba yake, hata dakika moja."

Alikuwa ameshamfungua mtoto mgongoni, anaangalia kule kona, kwa taa. Nilitaka kudanganya. Naapa nilitaka. Lakini fremu ilikuwa pale, nusu.

"Nilimkata," nikasema. "Nikamchoma. Hakuna kitu."

Nilingoja anipige, nilitamani anipige. Chepkemei aliingia, akanisukuma nikakaa kwa kiti. Halafu akaniwekea mtoto mapajani, uso wake kwangu.

"Basi mwambie wewe. Mimi nikisema nalia, hasikii. Wewe ulimwangalia ukimchoma. Mwambie alikuwa anafanana aje."

Nikafungua mdomo. Mtoto alinikazia macho. Miezi minane nilikuwa nimeulaani ule uso kila nikiamka, na sasa nilikuwa mtu wa mwisho kuuona.

"Alikuwa na pengo hapa mbele," nikaanza, na sauti ikakatika, nikaanza tena.