Muda wa Umiliki

Tangu astaafu wodi ya wazazi, mkunga alikuwa na simu ambayo haikuwa na kazi. Mumewe alishatangulia mbele ya haki, watoto hakujaliwa, na jirani pekee aliyekuwa akimsalimu alihama. Ndipo mtoto wa kaka yake alipoanza kumpigia kila jioni kumuuliza amekula nini. Swali dogo tu, lakini mkunga akaanza tena kupika vizuri ili awe na la kujibu.

Wiki ya tatu ikaingia habari ya kiwanja. Kilikuwa cha rafiki wa kijana, jirani kabisa na kwake; shangazi anunue, ajenge, waonane kila siku. Hati alitumiwa kwa simu, picha. Alipoomba kuiona yenyewe, mara iko benki, mara iko kwa wakili.

Mkunga aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Muda wa umiliki ulisomeka miaka 99, lakini wino wa hapo ulikuwa mzito kuliko wa maneno ya kando yake, na duara za juu za tarakimu zile zilikuwa zimefungwa kwa mstari uliopinda. Pembeni hapakuwa na sahihi wala mhuri. Maisha yake yote ya kazi aliwagombeza wauguzi kwa jambo hilihili: ukikosea kwenye faili la mgonjwa unakata mstari mmoja, unaandika upya, unaweka sahihi na tarehe. Huandiki juu ya maandishi. Akajiambia labda ni kivuli, na alitaka mno kiwe kivuli.

Asubuhi alikuwa ofisi ya ardhi. Karani, mama mnene asiye na haraka na mtu, alitazama ile picha, akamuuliza kwanza kama namba ya hati nayo imeguswa. Haikuguswa; juu na chini ya ukurasa ilikuwa ileile.

"Basi nipe namba, mama," karani alisema. "Picha ni ya kutazama. Daftari letu ndilo linalosema."

Alilipa ada ya upekuzi, ya kutafutiwa hati daftarini, akakaa kwenye benchi akiomba daftari liseme tisini na tisa. Likasema thelathini na tatu, na iliyobaki ilikuwa miezi minne.

Jioni kijana alipiga kama kawaida. Mkunga akamwambia alikuwa ofisi ya ardhi.

"Nani amekutuma huko, shangazi?"

Hakuuliza amekuta nini. Mkunga akajibu hakutumwa na mtu, na kijana akasema mtandao unasumbua, atapiga baadaye. Mtandao ulikuwa mzima. Pumzi zake zilisikika vizuri kabisa.

Hakupiga kesho yake, wala wiki iliyofuata. Akiba yote ya uzeeni ilikuwa imenusurika, na mkunga hakuwa na mtu wa kumwambia.