Hadi Sasa

Kwenye LinkedIn, Mhasibu alikuwa bado ana kazi. Aliondoka kwenye kile kiwanda cha rangi Agosti 2021, akaaga, akakabidhi funguo za kabati, lakini profaili yake hakuigusa. Pale chini ya jina la kiwanda palibaki pameandikwa "hadi sasa", na kila mwaka ilipofika Juni mtandao uliwakumbusha watu kumpongeza kwa kutimiza mwaka mwingine kazini. Nao watu, kwa kuwa kubonyeza hakuchoshi kidole, walimpongeza. Naye aliwashukuru mmoja mmoja, yule wa mauzo, yule wa benki, hata mtu mmoja ambaye hakukumbuka kabisa walikutana wapi. Mtu akikaa ndani muda mrefu, hata pongezi ya uongo huipokea kwa mikono miwili.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza. La pili lilitoka kwa Profesa.

Profesa hakuwa profesa wa chochote. Alikuwa na duka la vifaa vya ofisi, mashine ya fotokopi, na ulimi mtamu wa kuwatengenezea watu CV. Mhasibu alimpelekea karatasi zake, akamweleza ukweli: miaka sita kiwandani, kisha akaacha kazi kumtunza mama yake aliyepooza, kisha mama akafariki Machi 2024.

"Dada yangu," Profesa alisema, "pengo la miaka karibu mitatu? Hilo si pengo, hilo ni shimo. Mwajiri akichungulia anatumbukia. Tunasogeza tarehe ya kuondoka kiwandani mpaka Machi hiyohiyo, habari imekwisha. Na cheo? LinkedIn umeandika Meneja wa Fedha."

"Bosi alikuwa ananiita meneja."

"Basi wewe ni meneja."

Mhasibu alijua haifai. Mtu aliyetumia ujana wake kulinganisha hesabu za vitabu na za benki anajua vizuri kwamba namba ikisukumwa huku itafumuka kule. Lakini alikuwa amechoka, akachukua CV yake ikiwa bado ya moto kutoka kwenye printa, akaituma sehemu chungu nzima. Kampuni moja ya kusambaza dawa ilimwita. Usaili ulikwenda vizuri. Waliulizana maswali ya hesabu tu, na kwa hesabu huyu hababaishwi na mtu. Barua ya ajira ikaja kwa barua pepe, na mwisho wa barua palikuwa na sharti: ajira itathibitishwa baada ya uhakiki wa wasifu.

Alilisoma sharti hilo mara mbili.

Niseme wazi alichokuwa anakitaka, maana watu wangedhani ni mshahara. Mshahara aliutaka, nani asiyeutaka? Ila alichokitaka zaidi ni mtu wa kumwuliza asubuhi, "Umeamkaje?" Alitaka kiti chenye jirani. Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kimetandikwa vizuri mno, na kulikuwa na siku alizomaliza bila kumsikia binadamu akilitaja jina lake. Kaka yake aliishi mbali na alipiga simu akiwa na nafasi, na nafasi ilikuwa adimu.

Ilibidi aijaze fomu ya kuruhusu uhakiki. Kabla ya kuweka sahihi alitandaza kitandani vitu vitatu: CV ya Profesa, simu iliyofunguka kwenye LinkedIn, na cheti cha utumishi alichopewa kiwandani. Cheti kilisema Mhasibu Mwandamizi, Juni 2015 hadi Agosti 2021. CV ilisema Meneja wa Fedha hadi Machi 2024. LinkedIn ilisema Meneja wa Fedha hadi sasa. Mtu mmoja, kazi moja, hadithi tatu. Wahakiki watapiga simu kiwandani, na kiwandani hawapigi porojo: watataja cheo na tarehe zilizo kwenye faili, basi.

Wazo la kwanza lilikuwa la kishetani kidogo: airekebishe LinkedIn ifanane na CV, angalau hizo mbili ziimbe wimbo mmoja. Akaliacha. Karatasi mbili zinazokubaliana kudanganya bado zingegongana na faili la kiwanda. Kilichopaswa kufuatwa ni cheti.

Akampigia afisa utumishi wa kampuni ya dawa.

"Dada, CV niliyowatumia ina makosa," alisema. "Cheo si hicho, na niliondoka kiwandani mapema kuliko ilivyoandikwa. Nilikuwa namtunza mama yangu. Naomba nitume iliyo sahihi kabla uhakiki haujaanza."

Upande wa pili akasikia pumzi ndefu.

"Afadhali umesema mwenyewe," afisa alisema. "Tungeyakuta huko mbele, ningekuwa sina la kukusaidia. Tuma na maelezo mafupi na nakala ya cheti. Nitaipeleka kwa meneja. Na hiyo LinkedIn yako uiweke sawa, wanaiangalia."

Alikaa chini, akairekebisha. Kwenye cheo aliandika kile cha kwenye cheti, na kwenye maelezo akasema alichokifanya kweli: kufunga hesabu za mwezi, kusimamia malipo. "Aliongoza idara" akaifuta. Alizima kitufe cha kuwatangazia watu mabadiliko, maana hakutaka pongezi nyingine. Kisha akaondoa alama kwenye "nafanya kazi hapa kwa sasa", akaweka Agosti 2021. Ilimuuma. Ni jambo la kijinga kuumia kwa ajili ya kitufe, lakini iliuma, na hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Chini yake akaongeza sehemu ya mapumziko ya kazi, sababu: kumtunza mgonjwa katika familia. Mtandao ukauliza yanaendelea au yamekwisha. Aliikodolea macho skrini mpaka ikajizima, akaiwasha tena, akaandika Machi 2024. Akaingiza yaleyale kwenye CV, mstari kwa mstari, akatuma.

Meneja alikubali. Uhakiki ukaanza. Kiwandani walijibu upesi, cheo sawa, tarehe sawa. Mhasibu akaanza kupiga pasi sketi yake ya ofisini. Ndipo mhakiki, msichana mwenye sauti ya upole, akampigia.

"Ajira yako imekaa sawa, dada. Imebaki ile nafasi ya katikati. Kwa utaratibu wa mteja wetu, hiyo kampuni ya dawa, pengo refu hivyo lazima mtu alithibitishe. Mtu anayekufahamu, asiwe ndugu. Atuambie tu ulikuwa unafanya nini kipindi hicho."

"Mtu asiye ndugu," Mhasibu alirudia.

"Ndiyo. Na tafadhali usimfundishe la kusema. Tukigundua shahidi amepangwa, faili linarudi na alama nyekundu, na mwajiri anaweza kuiondoa barua."

Alikata simu akakaa. Nani? Daktari wa zahanati alishahama. Rafiki zake wa kiwandani walikuja mara ya kwanza na matunda, mara ya pili na haraka, mara ya tatu hawakuja. Miaka ile ilikuwa na watu wawili, na mmoja alikuwa amelala kaburini. Alilia kidogo, kisha akakasirika, maana uongo wa Profesa haukuwa unahitaji shahidi.

Ng'ambo ya ukuta, cherehani ya jirani ilikuwa inanguruma. Mshonaji yule, mama wa makamo ambaye nyumba nzima ilimwita Mama Cherehani, walisalimiana naye kwenye ngazi tu, shikamoo na marahaba, kila mtu na shughuli zake. Mhasibu akajikaza, akaenda kubisha. Mama Cherehani alikuwa na pini mdomoni na gauni la bibi harusi mapajani.

"Mama, samahani. Kuna watu watakupigia simu wakuulize habari zangu, nilivyokuwa namtunza mama. Ni ya kazi. Utawaambia unachokijua wewe tu. Mimi siruhusiwi kukuelekeza."

Mama Cherehani alitoa pini moja. "Kuta hizi ni karatasi, mwanangu. Nasikia kila kitu. Wapigie waambie wanipigie." Akairudisha pini, mashine ikaendelea.

Mhasibu alirudi chumbani mwepesi. Tarehe hakuitaja hata moja. Aliyeungua mara moja kwa kusukuma tarehe hakuwa na hamu ya kuisukuma tena.

Siku chache baadaye msichana wa uhakiki akapiga. Sauti ilikuwa na mkunjo.

"Dada, tuna tatizo dogo. Shahidi amekusifu sana, amesema hajawahi kuona mtoto wa namna yako. Ila wewe umeandika Machi. Yeye anasema ulimtunza mama mpaka Septemba. Nimemwuliza mara mbili, hatetereki."

"Amekosea. Mama alifia hospitali, Machi. Tulimsafirisha kutoka hukohuko kwenda kuzikwa kwao."

"Anasema Machi hakuwepo, alikwenda kwa binti yake aliyejifungua. Lakini aliporudi alikuwa anakusikia kila asubuhi. Ukimwambia mgonjwa ageuke upande wa pili. Ukimwuliza kama chai ni ya moto sana. Anasema Septemba ndipo ukanyamaza, akadhani umempeleka kwa kaka yako."

Mhasibu alishika ukingo wa kile kitanda kilichotandikwa. Hakujua. Wallahi hakujua kwamba sauti ilikuwa inatoka.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Nitahitaji maelezo kwa maandishi, na cheti cha kifo kama unacho. Tarehe zisipokubaliana siwezi kulifunga faili."

Alikuwa nacho cheti. Alikipiga picha, akafungua barua pepe. Maelezo aliyaandika akayafuta, akaandika tena. Angeweza kusema shahidi ni mtu mzima, amechanganya miezi. Lingepita. Lakini mama wa watu alikuwa amesema kweli tupu, alichokisikia kwa masikio yake, na Mhasibu hakuwa tayari kumgeuza mwongo ili tarehe zikae sawa. Mwishowe alituma mistari michache:

"Tarehe ya cheti ndiyo sahihi. Shahidi hajakosea, alinisikia kweli. Baada ya Machi nilikuwa peke yangu chumbani na niliendelea kuzungumza na mama."

Jibu lilikuja kesho yake. Faili limefungwa, hakuna tofauti iliyobaki, kampuni ya dawa imearifiwa na anatarajiwa Jumatatu. Chini kabisa, mahali ambapo barua za ofisi huwa hazina kitu, msichana aliongeza: "Pole sana kwa msiba, dada."

Aliisoma pole hiyo mara nyingi. Kisha akavaa kandambili, akaenda kubisha mlango wa pili.

"Umepata kazi?" Mama Cherehani aliuliza kabla hajakaa.

"Nimepata. Ahsante, mama." Akakaa. "Mama yangu alifariki."

Mguu wa Mama Cherehani ukaacha kukanyaga. Cherehani ikanyamaza. "Uwii, mwanangu. Lini?"

"Machi."

Yule mama alimtazama, midomo ikihesabu miezi bila sauti. Alipofika alipofika, akaliweka gauni la watu kando.

"Sasa ulikuwa unaongea na nani?"

"Na yeye," Mhasibu alisema.